Kadi Imekataliwa Baada ya Safari: Mwongozo Kamili wa Kuondoa Deni Linalokuzuia Kuagiza Gari au Chakula

Wasomaji wa Mombasa wanaoniandikia kuhusu tatizo hili hueleza mambo yanayofanana. Safari ilikwisha salama au chakula kilifika, kadi ikakataliwa, na sasa programu inaonyesha deni na haikubali agizo jipya. Wamebonyeza kitufe cha kulipa mara nyingi bila mafanikio, ilhali wakitazama akaunti ya benki wanaona pesa zipo. Mwongozo huu unawahusu hao hasa, kwa sababu mara nyingi kinachowakwamisha ni pesa ambazo benki inazihesabu kwenye akaunti lakini kwa wakati huo hairuhusu zitumike.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tayarisha vitu hivi kwanza, kwa kuwa ukianza kutafuta kimoja katikati ya kazi huenda muda wa kuingiza msimbo wa benki ukapita na ukalazimika kuanza upya.

- Simu yenye programu husika, ikiwa na intaneti isiyokatika.
- Laini ya simu iliyosajiliwa na benki yako, iwe hewani, kwa sababu msimbo wa uthibitisho kwa kawaida hutumwa kwenye laini hiyo.
- Kadi yenyewe, au namba zake ikiwa ni kadi ya mtandaoni.
- Njia ya kuona akaunti ya benki kwa undani, yaani programu ya benki. Ujumbe wa salio peke yake hautoshi.
- Risiti ya safari au ya agizo, ambayo huwa katika barua pepe au katika historia ya safari ndani ya programu.
- Kiasi kidogo cha pesa katika M-Pesa, endapo itakubidi kuongeza salio au kutumia njia nyingine ya kulipa.

## Hatua ya 1: Acha kubonyeza, kisha ulitambue deni

Kila unapobonyeza kitufe cha kulipa, ombi jipya hupelekwa benki. Ikiwa sababu ya kukataliwa haijaondolewa, jibu litakuwa lile lile, na maombi mengi yanayofuatana kwa muda mfupi huifanya mifumo ya benki ya kuzuia wizi ishuku kwamba kadi imeibiwa. Hapo kadi inaweza kufungwa, nawe utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Fungua sehemu ya malipo ndani ya programu, ambayo kwa kawaida huandikwa "Wallet" au "Payment", utafute mstari wa deni. Ubonyeze ili uone ni la safari gani, la tarehe gani na la kiasi gani. Kisha fungua risiti ya safari hiyo hiyo ulinganishe.

Usiiruke hatua hii. Deni linaweza kuwa nauli yote, linaweza kuwa ada ya kughairi baada ya dereva kufika, au tofauti ndogo kati ya makadirio na nauli ya mwisho. Ikiwa kadi yako imeunganishwa pia na akaunti ya mwenzio au ya mtoto wako, huenda safari si yako kabisa. Anayelipa kabla ya kulinganisha hujikuta baadaye akidai arudishiwe pesa, na kudai kurudishiwa huchukua muda mrefu kuliko kupinga deni ambalo halijalipwa.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: deni hili ni la shilingi kadhaa, la safari fulani, ya tarehe fulani, na ninakubali au sikubali kwamba ninadaiwa.

## Hatua ya 2: Tafuta kwa nini kadi ilikataliwa

### Pesa zilizoshikiliwa

Unapoagiza gari kwa kadi, programu nyingi haziikati nauli papo hapo. Huiomba benki ishikilie kiasi cha makadirio, ili kuhakikisha kwamba pesa zipo. Pesa hizo hazijaondoka kwenye akaunti, lakini huwezi kuzitumia. Safari inapokwisha, nauli halisi hujulikana, na hapo ndipo malipo ya kweli huombwa.

Makadirio na nauli vikilingana, kilichoshikiliwa hugeuzwa kuwa malipo na mteja hajui kwamba kulikuwa na hatua mbili. Vikitofautiana, programu inaweza kukifuta kiasi kilichoshikiliwa na kutuma ombi jipya la nauli kamili. Tatizo ni kwamba programu hufuta mara moja, ila benki huchukua muda kuziachilia pesa, wakati mwingine saa chache, wakati mwingine siku kadhaa za kazi. Katika muda huo benki inaona maombi mawili, nawe una pesa za ombi moja.

Tuchukue mfano wa mteja anayetoka Bamburi kwenda Uwanja wa Ndege wa Moi, akiwa na shilingi 1,500 katika kadi. Programu inakadiria 980, na benki inazishikilia. Njiani kuna msongamano Kongowea na darajani Nyali, kisha tena karibu na Changamwe, na mteja anamwomba dereva asimame kidogo achukue mzigo kwa jamaa. Nauli ya mwisho inakuwa 1,140. Programu inafuta zile 980 na kuomba 1,140, lakini benki bado inazishikilia zile 980, kwa hiyo kinachoweza kutumika ni 1,500 kutoa 980, yaani shilingi 520. Ombi linakataliwa, na programu inaandika deni la 1,140.

Mteja akiitazama akaunti anaona 1,500, na anaamini kwamba programu inamwonea. Ndiyo maana nimesisitiza programu ya benki. Humo utaona namba mbili: salio la akaunti, ambalo benki nyingi huliandika "Current balance" au "Actual balance", na salio linaloweza kutumika, ambalo huandikwa "Available balance". Namba ya pili ndiyo inayoamua kadi ikubaliwe au ikataliwe. Ukiona tofauti kati ya hizo mbili inakaribia makadirio ya safari yako, umeshapata chanzo.

### Sababu nyingine

Ikiwa salio linaloweza kutumika linatosha na kadi bado inakataliwa, piga simu benki kwa namba iliyochapishwa nyuma ya kadi, umwombe mhudumu akusomee msimbo wa jibu la muamala uliokataliwa. Wahudumu huuona kwenye skrini, ila mara nyingi hawautaji mpaka waulizwe. Msimbo 51 maana yake salio halikutosha. 54 ni kadi iliyopitwa na muda. 57 ni aina ya muamala ambayo kadi hiyo haijaruhusiwa kufanya. 05 ni kwamba benki imekataa bila kutaja sababu, na hapo umwombe mhudumu aangalie kama kadi imewekewa kizuizi cha usalama.

Msimbo 57 huwashangaza wengi, kwa kuwa kadi hiyo hiyo inafanya kazi dukani na kwenye mashine ya kutolea pesa. Benki kadhaa hutoa kadi ambayo malipo ya mtandaoni yamefungwa mpaka mteja ayafungue. Aidha, baadhi ya kampuni za programu hizi hupokea malipo kupitia akaunti iliyo nje ya Kenya, hata kama nauli imeandikwa kwa shilingi, na kwa hiyo benki huona muamala wa kimataifa. Mteja aliyefungua malipo ya mtandaoni ya ndani pekee ataendelea kukataliwa.

Umefanikiwa ikiwa umeipata sababu moja iliyo wazi. Usiende hatua ya tatu kwa kubahatisha.

## Hatua ya 3: Ondoa kizuizi upande wa kadi

Ikiwa pesa zimeshikiliwa, una njia mbili. Ya kwanza ni kusubiri benki iziachilie, nayo inafaa ikiwa huna safari ya haraka. Ya pili ni kuongeza pesa mpaka salio linaloweza kutumika lizidi deni. Mteja wetu wa Bamburi ana 520 na anadaiwa 1,140, kwa hiyo anahitaji angalau 620 zaidi. Mimi humshauri mtu katika hali hiyo aweke 700, ili makato madogo ya benki au ya kubadilisha sarafu yasimwangushe tena kwa shilingi chache. Atakuwa na 1,220 zinazoweza kutumika, na baada ya kulipa 1,140 atabaki na 80. Zile 980 zikiachiliwa, atakuwa na 1,060. Hakuna alichopoteza, ila pesa zake zimechelewa kumrudia.

Ikiwa malipo ya mtandaoni yamefungwa, yafungue katika sehemu ya kadi ndani ya programu ya benki, au mwombe mhudumu ayafungue. Taja mambo mawili waziwazi: malipo ya mtandaoni na miamala ya kimataifa. Uliza pia kikomo cha siku, maana kikomo kidogo kuliko deni kitaleta kukataliwa kule kule.

Ikiwa kadi imepitwa na muda, ongeza kadi mpya kwanza kabla ya kuiondoa ya zamani. Kadi inayotolewa upya inaweza kubaki na namba ile ile ndefu mbele, lakini tarehe ya mwisho na tarakimu tatu za usalama zinakuwa mpya, na programu haina njia ya uhakika ya kuzijua mpaka uziandike. Unapoongeza kadi, programu inaweza kushikilia kiasi kidogo sana cha pesa ili kuhakiki kwamba kadi ni hai, kwa hiyo kadi isiyo na hata shilingi inaweza kukataliwa wakati wa kuongezwa.

Ikiwa unatumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa iitwayo GlobalPay, iliyoanzishwa mwaka 2022 na Safaricom pamoja na Visa, kumbuka kwamba hulipa kutoka salio lako la M-Pesa la wakati ule ule. Aliyekuwa na 2,000 alipoagiza gari, kisha akalipa kibandani na kumtumia mtu pesa akiwa njiani, anaweza kufika akiwa na pungufu. Tena, tarakimu zake za usalama hubadilika, kwa hiyo unapoiongeza upya chukua tarakimu za wakati huo kutoka M-Pesa, usitumie zile ulizoandika mahali siku nyingi.

Tahadhari: usijaribu kulifuta deni kwa kuifuta kadi wala kwa kufungua akaunti mpya. Programu nyingi hazikuruhusu kuondoa njia pekee ya malipo wakati unadaiwa. Akaunti mpya nayo hutambuliwa kwa simu, kadi au laini ile ile, na inaweza kufungwa pamoja na ya zamani. Hapo kulipa deni pekee hakutoshi tena kukurudishia huduma.

Umefanikiwa ikiwa salio linaloweza kutumika linazidi deni, na benki imekuthibitishia kwamba kadi haina kizuizi.

## Hatua ya 4: Lipa deni, mara moja tu

Rudi kwenye mstari wa deni, chagua kadi, kisha bonyeza kitufe cha kulipa mara moja. Ukifunguliwa ukurasa wa benki unaotaka msimbo, subiri ujumbe kwenye laini yako, uandike msimbo huo, wala usiifunge programu mpaka ikurudishe yenyewe.

Hatua hii hufaulu mara nyingi hata pale malipo ya mwisho wa safari yalipofeli, na ina sababu. Malipo ya mwisho wa safari hufanywa na mfumo peke yake, wewe ukiwa unashusha mizigo. Benki inayotaka msimbo kwa kila muamala haina wa kumwuliza, kwa hiyo hukataa. Unapolipa deni mwenyewe, upo na simu mkononi, na benki inapata uthibitisho inaoutaka.

Ikiwa programu inakubali njia nyingine, kama M-Pesa au kadi ya mtu wa nyumbani kwa idhini yake, unaweza kulipa kwa hiyo bila kuigusa kadi iliyokataliwa. Kwa mtu anayehitaji gari usiku huo huo, hii ndiyo ninayoiona njia bora, kisha ashughulike na benki kesho yake. Angalia tu kwamba si programu zote zinazoruhusu deni la kadi kulipwa kwa njia nyingine. Ikiwa hukuoneshwa chaguo hilo, halipo, na hakuna namba ya simu ya kulipia nje ya programu itakayochukua nafasi yake.

Tahadhari kubwa: matapeli hutafuta watu wanaolalamika mitandaoni kuhusu madeni haya, wakajifanya huduma kwa wateja. Mhudumu wa kweli hatakuomba msimbo wa uthibitisho, namba ya siri ya M-Pesa, wala tarakimu tatu za nyuma ya kadi, na hatakuambia utume deni kwa namba ya mtu binafsi. Anza mazungumzo mwenyewe, kutoka sehemu ya msaada iliyo ndani ya programu.

Umefanikiwa ikiwa mstari wa deni umetoweka au umeandikwa sifuri, na benki imetuma ujumbe wa makato ya kiasi hicho.

## Hatua ya 5: Hakikisha kizuizi kimeondoka

Funga programu kabisa, uifungue tena, kisha andika mahali unapokwenda mpaka uone bei, bila kuthibitisha agizo. Ukifika kwenye bei bila onyo la deni, kizuizi kimeondoka. Onyo likibaki, subiri kwa muda kabla ya kufanya jambo jingine, kwa sababu taarifa za malipo zinaweza kuchelewa kufika kwenye akaunti.

Hifadhi picha ya skrini ya risiti mpya pamoja na ujumbe wa benki. Utavihitaji endapo kiasi kilichoshikiliwa mwanzo kitaonekana kama makato ya pili.

## Ikiwa ulimlipa dereva taslimu kadi ilipokataliwa

Haya hutokea sana. Kadi inakataliwa, dereva anasema hajaona malipo, na abiria, kwa uungwana, anampa pesa mkononi au anamtumia kwa M-Pesa. Mfumo hauoni malipo hayo. Kwake safari bado ni ya kadi, na deni linabaki kwa jina la abiria.

Kabla ya kumpa dereva pesa, mwulize kwa upole: "Kaka, safari hii kwako inaonyesha kadi au taslimu?" Ikiwa simu yake inaonyesha taslimu na kiasi cha kupokea, mlipe, naye athibitishe mbele yako. Ikiwa inaonyesha kadi, anapaswa kulipwa na kampuni kwa utaratibu wao, na ukimlipa mkononi unajiweka katika hatari ya kulipa mara mbili.

Ikiwa umeshalipa, nenda kwenye historia ya safari, uchague safari hiyo hasa, kisha uandike kupitia kipengele cha matatizo ya malipo. Malalamiko yaliyofungamanishwa na safari yenyewe huwafikia wahusika pamoja na taarifa zote. Unaweza kuandika hivi:

> Habari. Safari yangu ya tarehe 14, kutoka Bamburi hadi Uwanja wa Ndege wa Moi, ilikuwa ya kadi. Kadi ilikataliwa, nami nikamlipa dereva Sh 1,140 kwa M-Pesa saa 3:20 usiku. Nimeambatisha ujumbe wa M-Pesa. Akaunti yangu bado inaonyesha deni la Sh 1,140. Naomba mthibitishe malipo hayo kwa dereva na kuliondoa deni.

Ujumbe wa M-Pesa una namba ya muamala, jina, kiasi na saa, kwa hiyo ni ushahidi mzuri kuliko neno lako. Ikiwa ulitoa noti bila ushahidi wowote, kampuni itamwuliza dereva, na uamuzi utategemea jibu lake. Kwa sababu hiyo, anayelazimika kulipa nje ya kadi namshauri atumie M-Pesa hata kama ana noti mfukoni.

## Ikiwa benki inaonyesha makato na deni bado lipo

Tazama kwanza kama makato hayo yameandikwa "Pending". Yakiwa hivyo, huenda ni zile pesa zilizoshikiliwa mwanzo na wala si malipo ya deni. Linganisha kiasi: katika mfano wetu 980 ni za kushikiliwa, na 1,140 ni malipo.

Ikiwa kiasi ni kile kile cha deni na makato yamekamilika, omba benki ikupe namba ya kumbukumbu ya muamala huo, uipeleke kwa msaada wa programu pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha tarehe, kiasi na tarakimu nne za mwisho za kadi. Funika tarakimu nyingine zote. Kwa namba hiyo wanaweza kuyatafuta malipo upande wao, ambapo picha ya salio pekee haiwasaidii.

Usikimbilie kuiambia benki kwamba huutambui muamala. Benki ikirudisha pesa kwa madai hayo, programu huhesabu kwamba safari haikulipwa, deni hurudi, na akaunti yaweza kufungwa. Madai ya aina hiyo yatumie pale kampuni inapokataa kurekebisha makato mawili ambayo umeyathibitisha, na uiambie benki ukweli huo: umekatwa mara mbili kwa huduma moja.

## Kabla ya safari inayofuata

Badilisha njia ya malipo kabla ya kuthibitisha agizo, wala usingoje uwe njiani, kwa kuwa baadhi ya programu hazikubali mabadiliko safari ikishaanza. Ukiendelea na kadi, hakikisha salio linaloweza kutumika linatosha makadirio pamoja na nauli ya mwisho kwa wakati mmoja. Kwa safari inayokadiriwa 980, shilingi 2,200 hivi zingetosha hata kama benki itachelewa kuachilia. Asiyeweza kuacha kiasi hicho katika kadi achague taslimu au M-Pesa kwa safari ndefu, hasa saa za jioni ambapo magari husimama Kongowea na Changamwe na nauli ya mwisho huweza kuyapita makadirio.